Ufunguo wa Kudumu au Tokeni ya Saa Moja: Jinsi Seva Inavyojitambulisha kwa Seva Nyingine

Msanidi programu anayejenga mfumo mdogo wa malipo nchini Kenya hukutana mapema na jambo linalomtatiza. Akienda Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha mifumo na M-Pesa, hupewa maneno mawili marefu ya siri, lakini akijaribu kuyatumia moja kwa moja kuomba malipo hukataliwa: anatakiwa kwanza aombe tokeni, na tokeni yenyewe haiishi zaidi ya saa moja. Akienda Africa's Talking ili mfumo huohuo utume stakabadhi kwa ujumbe mfupi, hupewa ufunguo mmoja, huuweka kwenye ombi, na ujumbe huondoka. Kazi ni ya aina moja, kwa kuwa katika hali zote mbili seva yake inaiomba seva ya kampuni nyingine huduma, lakini milango inafunguliwa kwa namna mbili tofauti kabisa. Wasanidi huulizana mara kwa mara kwa nini iwe hivyo, na jibu linalotolewa zaidi ni kwamba njia ya tokeni ni salama zaidi. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu halielezi ni salama dhidi ya nini, wala halisemi ni lini usalama huo haupo.

Tuanze na maneno. Mawasiliano ya seva kwa seva ni yale ambayo hakuna mtu anayeketi mbele ya skrini na kuandika nywila. Programu inayofanya kazi saa nane za usiku ikikusanya marejesho ya mikopo haina mtumiaji wa kumwomba athibitishe chochote, inajisemea yenyewe. Programu hiyo inayoomba huduma ndiyo huitwa mteja, na neno hilo katika makala hii halimhusu mnunuzi wala mwanachama. Ufunguo wa API ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao mtoa huduma humpa mteja mara moja, na mteja huutuma katika kila ombi hadi siku utakapobadilishwa au kufutwa. Tokeni nayo ni mfuatano wa herufi unaofanana na ufunguo kwa sura, lakini hutolewa kwa muda mfupi unaojulikana, na muda huo ukiisha haifai tena. Njia ya `client_credentials` ni utaratibu ambao mteja hutumia jina lake na siri yake kuomba tokeni, kisha hutumia tokeni hiyo, wala si siri, katika kazi zote zinazofuata. Utaratibu huu umeelezwa katika kiwango cha OAuth 2.0, yaani hati ya RFC 6749 iliyotolewa Oktoba 2012, katika kifungu cha 4.4.

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo, maarufu kama sako, chenye seva moja inayofanya kazi mbili: kumwomba mwanachama alipe mchango wake kwa M-Pesa kupitia simu yake, na kumtumia stakabadhi baada ya malipo kuingia. Upande wa stakabadhi, ombi zima ni hili:

```
curl -X POST https://api.africastalking.com/version1/messaging \
  -H "apiKey: $AT_API_KEY" \
  -H "Accept: application/json" \
  -d "username=$AT_USERNAME" \
  --data-urlencode "to=$NAMBA" \
  --data-urlencode "message=Mchango wako umepokelewa."
```

Ufunguo umekaa katika kichwa cha ombi. Seva inayopokea huutafuta katika orodha yake, huona ni wa akaunti gani, huangalia salio, na hutuma ujumbe. Hakuna hatua nyingine. Msimbo wa kufanya hivi unaweza kuandikwa kwa dakika chache katika lugha yoyote ya programu, na ukishindwa kufanya kazi sababu zake ni chache: ufunguo si sahihi, jina la akaunti halilingani nao, au umechanganya ufunguo wa mazingira ya majaribio na ule wa mazingira halisi.

Upande wa malipo kuna hatua mbili. Kwanza seva ya sako inaomba tokeni:

```
curl -u "$CONSUMER_KEY:$CONSUMER_SECRET" \
  "https://sandbox.safaricom.co.ke/oauth/v1/generate?grant_type=client_credentials"
```

Jibu lake lina vitu viwili tu, tokeni yenyewe na muda wa kuishi kwake kwa sekunde:

```
{
  "access_token": "...",
  "expires_in": "3599"
}
```

Baada ya hapo, kila ombi la malipo linakwenda kwenye anwani nyingine likiwa limebeba tokeni katika kichwa chake:

```
Authorization: Bearer TOKENI_ILIYOPATIKANA
```

Anayesoma hati ya kiwango atagundua tofauti moja ndogo. RFC 6749 inaagiza kwamba tokeni iombwe kwa mbinu ya `POST`, ilhali Daraja hutumia `GET`. Tofauti za namna hii kati ya kiwango na utekelezaji ni za kawaida, na ndizo huwafanya watu waliochukua maktaba ya OAuth iliyoandikwa kwa ajili ya huduma nyingine wakwame hapa bila kujua kosa liko wapi.

Utaratibu huu unafanana na wa jengo la ofisi lenye mapokezi. Mgeni huonyesha kitambulisho chake halisi mapokezi peke yake, hupewa kadi ya mgeni ya siku hiyo, na ni kadi hiyo anayoionyesha katika kila mlango wa ndani. Walinzi wa ghorofani hawana haja ya kukiona kitambulisho. Kadi ikimdondoka kwenye ngazi, anayeiokota ataweza kuzunguka jengoni hadi jioni, lakini kesho yake haitamsaidia kitu. Kitambulisho kikidondoka, shida ni kubwa zaidi.

Tofauti ya njia hizi mbili, basi, haipo katika kuwa na siri au kutokuwa nayo. Siri ya kudumu ipo kwa zote mbili. Tofauti ni mara ngapi siri hiyo inatoka nje ya seva yako, na inapita mikononi mwa nani. Tuseme seva ya sako hutuma maombi 100 kila saa, mchana na usiku, kwa siku 30. Hayo ni maombi 72,000. Kwa njia ya ufunguo, siri ya kudumu imesafiri mara 72,000. Kwa njia ya tokeni, ikiwa seva inaomba tokeni mpya dakika moja hivi kabla ya ile ya zamani kuisha, siri imesafiri takriban mara 730 tu, na zote zimekwenda kwenye anwani moja inayoshughulika na kutoa tokeni na si kitu kingine. Maombi mengine yote yamebeba kitu ambacho baada ya saa moja hakina thamani.

Jambo hili lina maana gani katika maisha halisi ya mfumo? Siri nyingi zinazovuja hazivuji kwa sababu mtu amevunja usimbaji fiche wa HTTPS. Zinavuja kwa sababu mtu alipokuwa akitafuta kosa aliwasha uandishi wa kumbukumbu za kina, programu ikaanza kuandika vichwa vyote vya maombi katika faili la kumbukumbu, na faili hilo likapelekwa kwenye huduma ya nje ya kuhifadhi kumbukumbu au likabandikwa katika kundi la gumzo ili wenzake wamsaidie. Tuseme hilo lilitokea Jumatatu, na mtu mwenye nia mbaya akalipata faili siku ya Alhamisi. Ikiwa ndani yake mna ufunguo wa kudumu, bado unafanya kazi, na atautumia hadi mtu atakapogundua. Ikiwa ndani yake mna tokeni, ilikwisha kufa Jumatatu hiyohiyo. Dhidi ya uvujaji wa aina hii, yaani wa vitu vilivyobebwa njiani na vikasalia mahali pasipotakiwa, njia ya tokeni ina nguvu ya kweli.

Lakini uvujaji una mlango mwingine. Faili la `.env` lenye siri zote likipakiwa kwa bahati mbaya kwenye hazina ya wazi ya Git, aliyelipata hahitaji tokeni ya zamani. Ana jina la mteja na siri yake, na ataomba tokeni mpya kila saa kama vile seva halali inavyofanya. Hapa njia mbili zinalingana kabisa. Wanaodhani kwamba kuhamia OAuth kunaondoa haja ya kulinda siri wamekosea mahali penyewe: siri ya mteja ni ya kudumu kama ufunguo, inastahili kutunzwa vilevile katika hifadhi ya siri au vigezo vya mazingira ya seva, na inastahili kubadilishwa vilevile. Wengi huiweka, huona tokeni zinabadilika kila saa, na wakaamini kwamba mfumo unajisafisha wenyewe, kumbe siri iliyo chini yake haijaguswa tangu siku mfumo ulipozinduliwa.

Dhana nyingine inayosumbua inahusu ile sura ya herufi zilizochanganyika zinazoonekana baada ya neno `Basic` katika kichwa cha ombi la tokeni, kile ambacho `curl -u` hukitengeneza. Watu huiona na kudhani siri imesimbwa. Hiyo ni Base64 tu, namna ya kuandika data kwa herufi salama za kusafirishia, na yeyote anaweza kuigeuza kwa amri moja bila kuwa na ufunguo wowote. Kinachoilinda njiani ni HTTPS peke yake. Kwa hiyo kumbukumbu yenye kichwa hicho ni sawasawa na kumbukumbu yenye siri iliyoandikwa wazi.

Papo hapo kuna kosa dogo ambalo limewapotezea watu saa nyingi. Anayeamua kujitengenezea Base64 kwenye mstari wa amri huandika `echo "$KEY:$SECRET" | base64`, na `echo` huongeza mstari mpya mwishoni. Mstari huo unaingia ndani ya siri, siri inakuwa si sahihi, na mtoa huduma anakataa, ilhali mtu akizitazama kwa macho anaona herufi zilezile. Dalili yake ni matokeo ya Base64 kuishia na `Cg==`, `o=` au `K`, herufi zisizofanana na zinazotolewa na maktaba ya lugha yake. Tumia `printf '%s'` badala ya `echo`, au mwachie `curl -u` afanye kazi hiyo mwenyewe.

Sasa nije kwenye dhana ambayo naona ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu hata watu wenye uzoefu huirudia: kwamba tokeni ni rahisi zaidi kufutwa pakitokea hatari. Mara nyingi ukweli ni kinyume chake. Ufunguo wa kudumu huangaliwa kwenye hifadhidata katika kila ombi, au katika nakala ya karibu inayofanywa upya baada ya muda mfupi. Ukiufuta, ombi linalofuata linakataliwa. Tokeni nyingi za kisasa, hasa za mtindo wa JWT, zimejengwa hivi kwamba seva ya huduma huhakikisha saini iliyomo ndani ya tokeni bila kumuuliza mtu. Huo ndio uzuri wake, kwa sababu seva hamsini za huduma zinaweza kuthibitisha tokeni bila kuilemea seva moja ya utambulisho. Gharama yake ni kwamba ukiifuta siri ya mteja sasa hivi, tokeni iliyotolewa dakika tano zilizopita itaendelea kukubaliwa hadi muda wake uishe. Ikiwa tokeni zinaishi saa moja, mshambulizi ana hadi dakika 55 nyingine. Zipo dawa za hali hii, kama vile anwani ya kufutia tokeni na ile ya kuulizia uhalali wake, ambazo zimewekewa viwango katika RFC 7009 na RFC 7662, lakini zinasaidia tu pale seva ya huduma inapokubali kuuliza, na ikiuliza kila mara imerudi kwenye gharama ileile iliyokuwa ikiikwepa. Ndiyo maana urefu wa maisha ya tokeni ni uamuzi wa kupimwa: dakika tano hupunguza hatari na kuongeza maombi ya tokeni, na saa 24 hufanya kinyume.

Gharama kubwa ya njia ya tokeni inamwangukia msanidi wa upande wa mteja, na huanza kuonekana siku ya kwanza. Kosa la kawaida kabisa ni kuomba tokeni mpya kabla ya kila ombi la malipo. Mfumo unafanya kazi, majaribio yanapita, na kosa halionekani hadi siku ya mwisho wa mwezi wanachama wanapolipa kwa wingi. Hapo kila malipo yanahitaji safari mbili za mtandao badala ya moja, anwani ya tokeni inaanza kukataa kwa sababu ya wingi wa maombi, na faida yote ya kiusalama imepotea, kwa kuwa siri ya kudumu sasa inasafiri mara nyingi kama ufunguo ungesafiri. Tokeni inatakiwa kuhifadhiwa na kutumiwa tena hadi ikaribie kuisha:

```python
kufuli = threading.Lock()
tokeni, mwisho = None, 0

def pata_tokeni():
    global tokeni, mwisho
    with kufuli:
        if time.monotonic() > mwisho - 60:
            r = requests.get(URL, auth=(KEY, SECRET), timeout=10)
            r.raise_for_status()
            jibu = r.json()
            tokeni = jibu["access_token"]
            mwisho = time.monotonic() + int(jibu["expires_in"])
        return tokeni
```

Mambo matatu katika msimbo huu mfupi yana sababu zake. Zile sekunde 60 zinazopunguzwa zipo ili tokeni isiishe ikiwa njiani, yaani iondoke kwako ikiwa hai na ifike ikiwa imekufa. Kufuli lipo ili, tokeni inapoisha wakati maombi ishirini yanasubiri, moja tu ndilo liende kuomba mpya na mengine yangoje, badala ya yote ishirini kuikimbilia anwani ya tokeni kwa pamoja. Na `int` ipo kwa sababu Daraja hurudisha muda kama maandishi, `"3599"`, na si kama namba; katika Python kujumlisha namba na maandishi kutaangusha programu, na katika JavaScript ni hatari zaidi, kwa sababu lugha hiyo itayaunganisha kimyakimya na kukupa muda wa mwisho ulio mbali mno, hivyo programu yako haitaomba tokeni mpya kamwe.

Baadhi ya wasanidi hutafuta tokeni ya kuhuisha, ile ambayo programu za watumiaji hutumia kupata tokeni mpya bila mtu kuingia tena, na hushangaa kutoiona. Kiwango chenyewe kinaelekeza kwamba katika `client_credentials` isitolewe, na sababu ni nyepesi: mteja tayari ana siri yake na anaweza kuomba tokeni mpya wakati wowote, kwa hiyo tokeni ya kuhuisha ingekuwa siri ya ziada ya kulinda bila faida yoyote.

Tatizo gumu zaidi kulitambua hutokea mfumo unapokua. Seva ya sako sasa inaendesha michakato minne ya programu ileile, na kila mchakato una kumbukumbu yake na tokeni yake. Kwa watoa huduma wengi hilo halina shida. Lakini wapo wanaofuta tokeni ya zamani mara tu wanapotoa mpya kwa mteja yuleyule. Hapo mchakato wa kwanza ukiomba tokeni unaiua ya mchakato wa pili, wa pili akikataliwa anaomba mpya na kuiua ya kwanza, na kadhalika. Dalili yake ni makosa ya tokeni yanayokuja na kuondoka bila mpangilio, ambayo hupotea kabisa ukiendesha mchakato mmoja kwenye kompyuta yako. Ukiona hivyo, hamisha tokeni kwenye hifadhi ya pamoja, kama vile Redis, ili michakato yote isome sehemu moja. Iwapo ombi limekataliwa kwa sababu ya tokeni, itupe, omba mpya, na urudie ombi mara moja tu. Likikataliwa tena, simama na uripoti kosa, kwa sababu kurudia bila kikomo kunaweza kukufungia akaunti. Soma pia mwili wa jibu na si namba ya hali ya HTTP pekee, kwani kwenye Daraja tokeni mbovu hutambulishwa kwa msimbo `404.001.03` na maneno `Invalid Access Token`, na programu inayosubiri 401 tu inaweza kulipita kosa hilo ikidhani anwani haipo.

Kuna jambo moja la mfano huu linalohitaji kutajwa kabla ya kuendelea, kwa kuwa linaleta hatari ya pesa. Tokeni inalinda upande mmoja wa mazungumzo, ule ambao seva yako inaiita seva ya M-Pesa. Taarifa ya matokeo ya malipo hurudi kwa njia nyingine: seva ya M-Pesa huita anwani uliyoitoa wewe, na tokeni yako haimo katika wito huo. Anayeijua anwani hiyo anaweza kujaribu kutuma taarifa ya uongo kwamba mchango umelipwa. Kwa hiyo thibitisha taarifa hiyo kivyake, kwa kuilinganisha na ombi ulilolituma na kwa kuuliza hali ya muamala kabla ya kumpa mwanachama stakabadhi.

Basi ni lini ufunguo wa kudumu unatosha? Kipimo ninachokitumia ni cha maswali ya kawaida kuhusu njia ambayo siri inapita. Ikiwa mteja ni mmoja, mtoa huduma ni mmoja, na anayepokea ombi ndiye huyohuyo anayemiliki orodha ya funguo, kadi ya mgeni haiongezi mengi, kwa kuwa mapokezi na ofisi ni chumba kimoja. Kutuma ujumbe mfupi, kusoma viwango vya kubadilisha fedha, kupeleka vipimo kutoka kwenye kifaa kidogo chenye kumbukumbu haba: hizi ni kazi ambazo ufunguo unazifanya vizuri, mradi mtoa huduma anaruhusu kuuwekea mipaka. Na mtu asidhani kwamba ufunguo ni wa mambo madogo tu. Stripe, kampuni ya malipo, imejenga API yake juu ya funguo za kudumu zinazoanza na `sk_live_` kwa kazi halisi na `sk_test_` kwa majaribio, na inatoa pia funguo zenye ruhusa finyu zinazoanza na `rk_`. Kile kiambishi cha mwanzo kina kazi yake: kinaziwezesha programu za ukaguzi kuutambua ufunguo uliosahauliwa ndani ya msimbo, jambo ambalo ni gumu kwa mfuatano wa herufi usio na alama.

Ufunguo mzuri, kwa hiyo, ni ule wenye ruhusa chache, unaokubaliwa kutoka anwani za IP zilizotajwa pale inapowezekana, na unaoweza kubadilishwa bila kuzima huduma. Sharti hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Ili ubadilishe ufunguo bila kukata huduma, mtoa huduma lazima akubali funguo mbili kwa wakati mmoja: unatengeneza mpya, unaupeleka kwenye seva zote, unaangalia katika takwimu kwamba wa zamani hautumiki tena, ndipo unaufuta. Pasipo nafasi hiyo, kubadilisha ufunguo huwa tukio la usiku wa manane ambalo kila mtu analiahirisha, na ufunguo unazeeka miaka. Sharti hilohilo linaihusu siri ya mteja katika njia ya tokeni.

Njia ya `client_credentials` inaanza kulipa gharama zake pale seva za huduma zinapokuwa nyingi na seva ya kutoa utambulisho ni moja. Tuseme sako imekua na sasa ina huduma tofauti ya akaunti, ya mikopo na ya ripoti, na programu ya marejesho inazihitaji zote. Kwa funguo, kila huduma ingehitaji kuwa na orodha ya funguo, na udhaifu wa huduma ya ripoti ungefichua siri ambayo pengine inafungua pia huduma ya mikopo. Kwa tokeni, siri inajulikana na seva ya utambulisho pekee. Programu ya marejesho huomba tokeni yenye `scope`, yaani mipaka ya ruhusa, ya kusoma mikopo tu, na huduma ya ripoti hata ikivunjwa, mshambulizi atapata tokeni za saa moja zenye ruhusa finyu. Kwa uangalifu zaidi, kila tokeni itaje huduma iliyokusudiwa, na kila huduma ikatae tokeni isiyotaja jina lake. Bila ukaguzi huo, tokeni iliyochukuliwa katika ripoti inaweza kwenda kutumika katika akaunti. Wanaotumia JWT mara nyingi hukagua saini na muda, wakasahau dai la `aud`, ambalo ndilo linalotaja huduma iliyokusudiwa, na kwa kusahau huko wanapoteza sehemu kubwa ya kile walichokuja kukitafuta.

Kwa mifumo yenye hatari kubwa kuna hatua moja zaidi, ambayo njia ya ufunguo haina mahali pa kuiweka. Katika kuomba tokeni, mteja anaweza kuachana kabisa na siri inayotumwa, na badala yake akatia saini ombi lake kwa ufunguo wa faragha usiotoka kamwe kwenye seva yake, kama inavyoelezwa katika RFC 7523, au akajitambulisha kwa cheti cha TLS kulingana na RFC 8705. Hapo ndipo tunapofika mahali ambapo siri ya kudumu haisafiri hata mara moja, na mwongozo wa usalama wa OAuth uliotolewa Januari 2025, RFC 9700, unapendekeza njia za aina hii.

Mahali ambapo njia zote mbili hazifai ni ndani ya programu ya simu au ukurasa wa wavuti. RFC 6749 inasema wazi kwamba `client_credentials` itumiwe tu na wateja wanaoweza kutunza siri, na faili la APK haliwezi. Yeyote mwenye simu anaweza kulifungua na kusoma maandishi yaliyomo. Mwanachama wa sako anapobonyeza kitufe cha kulipa, simu yake iongee na seva ya sako kwa utambulisho wa mwanachama mwenyewe, na seva ndiyo iende M-Pesa kwa tokeni na Africa's Talking kwa ufunguo. Ukikuta `CONSUMER_SECRET` ndani ya msimbo wa programu ya simu, ihesabu siri hiyo kuwa imekwisha vuja tangu siku programu ilipowekwa dukani, ibadilishe leo, kisha uhamishe wito huo upande wa seva.